Maneno ya tangazo la kozi ya udereva

"Shule yetu ya udereva hapa Nakuru inaanza kozi ya kuandaa watu kwa mtihani. Niandike nini chini ya picha bila kuahidi kwamba watapita?"

Ndugu, taja kile mwanafunzi atakachofanya mkononi mwenu, kwa sababu matokeo yako kwa mtahini wa NTSA. Mimi ningeandika hivi:

"Mtihani wa udereva unakaribia? Katika kozi yetu mpya utajizoeza kusogeza gari dogo kwenye ubao wa mji wa mfano, kueleza alama za barabarani kwa sauti, na kuendesha barabarani mwalimu akiwa kando yako. Mtahini wa NTSA ndiye anayeamua matokeo."

Usiikate sentensi ya mwisho, hata ukibanwa na nafasi. Epuka "pita mara ya kwanza" na "hakuna kufeli". Hata "tunakuhakikishia maandalizi" msomaji wa haraka huisoma kama ahadi ya kupita.

Picha nayo husema. Mwanafunzi aliyeinua leseni juu anaahidi kile ulichokwepa kuandika. Weka anayejizoeza kwenye ubao, mwalimu akimwelekeza.