Re: Masta ya epidemiolojia

"Mimi ni tabibu mwenye diploma, Nachingwea. Niende masta moja kwa moja?"

Hapana ndugu yangu, masta itakudai digrii kwanza. Ila mafunzo ya mwanzo ya epidemiolojia ya nyanjani ni miezi 3 tu, unayafanya ukiwa kazini. Ngazi ya juu ya mafunzo hayo, Muhimbili, ni miaka 2.

Na kazi hii huanzia kituoni: kumbuka Ruangwa, Julai 2022. Kituo cha Mbekenyera kilipokea wagonjwa wawili wenye homa na damu puani, kikatoa taarifa. Ebola na Marburg zikapimwa, hazikuwepo. Ikawa homa ya mgunda, yaani leptospirosis, wagonjwa 20, vifo 3.

Kwa hiyo anza na rejista yako: andika kijiji na siku homa ilipoanza, siyo siku mgonjwa alipofika. Ukikosea hapo, mchoro wa wagonjwa kwa siku unapotosha chanzo cha mlipuko.