Mama akisema mimba haijamwingia moyoni: kwa wakunga wapya wa kliniki

Wadogo zangu mnaoripoti vituo vya huku kusini, kazi nyingi za kliniki ya wajawazito mtazizoea kwa mikono: kupima presha, kupima tumbo kwa futi kamba, kujaza kadi. Nataka tuzungumzie jambo ambalo kwenye kadi halina pa kuandikwa. Ni yule mama anayekwambia kwamba leo anaifurahia mimba yake na kesho anatamani isingekuwepo, au kwamba hana hisia yoyote na huyo mtoto.

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni "Mshukuru Mungu, wenzio wanatafuta." Ukishalisema hilo, mazungumzo yamekwisha. Tarehe yake ikifika atarudi, atakujibu "sijambo" kwa kila swali, na hutajua tena kinachoendelea ndani yake.

Chukueni mama mmoja wa Tandahimba, ambaye nimembadilishia mambo kadhaa asitambulike. Alikuja na mumewe, kwa sababu hudhurio la kwanza tunapenda waje wawili wapime virusi vya ukimwi pamoja. Mume alikuwa na furaha kubwa. Mama alikuwa akitazama chini na kujibu kwa kichwa. Mume alipotoka kwenda kuangalia pikipiki yake, nilimuuliza, "Na wewe mwenyewe, dada, mimba hii umeipokeaje?" Akasema, "Dada, sijui. Naona kama ugonjwa tu. Mtoto simsikii kabisa."

Hapo kwanza hakikisheni mnajua anachosema. Mama wa wiki 30 akikwambia hamsikii mtoto, uliza papo hapo kama hamsikii akicheza, maana mtoto aliyekuwa akicheza kisha akaacha ni dharura: anasikilizwa mapigo ya moyo sasa hivi, na rufaa haingoji kesho. Kwa huyu, tumbo lilikuwa katikati ya mfupa wa kinena na kitovu, na tarehe ya hedhi ilitoa wiki 15. Alikuwa anazungumzia moyo wake.

Wiki 15 ina maana yake. Mpaka hapo mama ameshaonja kichefuchefu, kutapika na usingizi wa mchana, lakini mtoto mwenyewe hajampa ishara yoyote. Wengi huanza kumsikia akicheza kati ya wiki 16 na 20, na mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huchelewa zaidi. Kondo la nyuma likiwa limejishika upande wa mbele wa mfuko wa uzazi, michezo hiyo huchelewa tena, kwa kuwa mateke yanapokelewa na kondo kabla ya kufika kwenye ngozi ya tumbo. Kwa wanawake wengi, kumwona huyu aliye tumboni kuwa ni mtu huanza kukua baada ya kumsikia akicheza. Kabla ya hapo unamtaka ampende mtu ambaye hajakutana naye. Na huku kwetu mimba changa haitangazwi wala nguo za mtoto hazinunuliwi mapema, kwa hiyo mama anabaki na siri, matapishi na ndoo ya maji. Waliopanda uwanda wa Newala na Tandahimba wanajua habari ya maji.

Tahadhari moja ya kazi: msijaribu kumfurahisha mama wa wiki 15 kwa kumwekea fetoskopu ya kawaida tumboni. Mapigo kwa kifaa hicho husikika kuanzia karibu wiki 20. Ukihangaika kutafuta na usipate, utamtia hofu bure. Kama kituo kina dopla, hiyo hupata mapema zaidi.

Turudi kwa mama yetu. Nilipoacha kumjibu nikamsikiliza, kisa kilitoka chenyewe. Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa mwaka na miezi, bado ananyonya. Nyumbani kwa mumewe maneno yalishaanza kwamba amembemenda mtoto. Kumbe mimba hii hakuichukia. Kila alipojaribu kuifurahia, alijiona anamdhulumu yule aliye mgongoni. Msimu wa korosho ulikuwa unakuja na nguvu za kuokota hakuwa nazo. Hisia mbili zinazovutana hivi kwa mtu mmoja si ajabu, na mwenye mume mzuri na mimba aliyoitafuta naye huzipata. Aliyewahi kupoteza mimba mara nyingi hujizuia kwa makusudi asimzoee mtoto mpaka apite wiki ile aliyoumia.

Nilimweleza mambo mawili tu. Kwamba kutompenda mtoto bado katika wiki hii ni kawaida na hakutabiri atakuwa mama wa namna gani. Na kwamba, kwa mimba isiyo na matatizo, anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa huenda yakapungua, kwa hiyo mkubwa aongezewe chakula na yeye mwenyewe ale zaidi. La pili ndilo lililomfanya anyanyue uso. Msione haya kutumia muda kwenye hofu ambayo kwenu inaonekana ndogo.

Sasa ugumu wa kazi uko hapa: kutofautisha mkanganyiko huu wa kawaida na sonona. Mkanganyiko hubadilika, na unahusu mimba. Mama bado anacheka na mashoga zake, bado mwanawe anamfurahisha. Sonona hufunika kila kitu. Muulizeni maswali mawili: mwezi huu uliopita umekuwa mara nyingi na huzuni au kukata tamaa? Mambo uliyokuwa unayapenda yamekosa ladha? Akikubali hata moja, ongezeni muda wa kumsikiliza. Hali ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, pamoja na kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, ulizeni waziwazi kama amewahi kuwaza kufa au kujidhuru. Swali hilo halimtii mtu wazo. Akisema ndiyo, haachwi peke yake na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ulizeni pia, akiwa peke yake, kama anapigwa au kama mimba ilipatikana kwa nguvu. Hapo ofisa ustawi wa jamii anahusika.

Kabla hamjaita uchovu sonona, pimeni damu na malaria. Hemoglobini chini ya 11 kwa mjamzito ni upungufu wa damu, na mtu asiye na damu hana furaha na chochote. Kwa Mtwara na Lindi, hili msilipuuze hata siku moja.

Mama yule alirudi mtoto ameshaanza kucheza. Nilipomuuliza, alisema, "Namzoea." Hakusema anampenda, nami sikumsukuma alitamke.

Msimwahidi mtu kwamba atayeyuka kwa upendo siku ya kujifungua, maana si wote. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Uingereza, Robson na Kumar, waliandika kwamba karibu asilimia 40 ya wazazi wa mara ya kwanza waliowahoji walikumbuka kutohisi lolote la pekee walipomshika mtoto mara ya kwanza, na kwa wengi wao mapenzi yalikuja ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo mama akirudi siku ya saba, baada ya kukagua kitovu na matiti, mwulizeni anamwonaje mtoto. Akisema bado, mwambieni ni mapema, na siku ya 42 mwulizeni tena pamoja na yale maswali mawili.