Ugonjwa uliovuruga mwaka wa pili: utaje kiasi gani kwenye maombi ya masters

Swali: "Wadau, nina selimundu. Mwaka wa pili nililazwa mara kadhaa, nikaahirisha mitihani mitatu na nikapiga sapu mbili. Mwaka wa kwanza nilikuwa na 4.1, wa pili 2.9, wa tatu 4.3, nimemaliza na GPA ya 3.8. Naomba masters ya takwimu Uingereza na Marekani. Niutaje ugonjwa au ninyamaze? Na nikiutaja niseme vipi?"

Mkuu, kabla ya kuandika chochote weka transkripti mezani uisome kama mtu asiyekujua. Kinachotakiwa kuelezwa ni karatasi hiyo. Mwili wako haujaulizwa. Kwako msomaji atasimama mahali pawili: pale wastani uliposhuka kutoka 4.1 hadi 2.9, na kwenye zile C mbili za sapu. Hayo lazima yapate jibu, kwa hiyo kunyamaza kabisa hakukufai. Mwenye selimundu ambaye alama zake hazikuyumba hana cha kueleza kwenye barua, na asieleze.

Swali linalobaki ni la kiasi. Unaweza kuandika "sababu za kiafya" tu, unaweza kusema aina ya hali bila jina, au ukataja jina lenyewe. "Sababu za kiafya" inamtosha aliyevunjika mguu akapona. Kwa hali ya kudumu inaacha mlango wazi, maana msomaji atajiuliza kama yatajirudia. Jina nalo lina kasoro yake: profesa asiyeijua selimundu atalitafuta mtandaoni, na atakachokutana nacho kwanza ni habari za vifo na umri wa kuishi. Hapo umempa picha ambayo si yako, na barua ikishatumwa hairudi. Mimi ningesimama katikati: "ugonjwa wa muda mrefu unaodhibitiwa kwa matibabu". Jina liweke kama unaomba kutafiti selimundu yenyewe, au kama ufadhili umetengwa kwa wenye ulemavu na masharti yanataka ulitaje.

Usiandike "nimepona kabisa". Si kweli, na ukishapata nafasi ukaenda kuomba msaada wa kimasomo, maneno yako mawili yatagongana.

Sasa maneno yenyewe. Barua nyingi za kwetu huandikwa hivi: "Licha ya mateso makubwa ya ugonjwa niliozaliwa nao, kwa neema za Mungu nilipambana usiku na mchana hadi nikafanikiwa." Imani ni yako na hakuna anayeipinga, lakini msomaji hajaambiwa ni lini, ni muda gani ulipotea, wala kwa nini aamini kwamba mambo sasa yametulia. Ametwishwa uchungu tu, na uchungu haumsaidii kusoma transkripti. Linganisha na hii:

"Katika semista ya pili ya mwaka wa pili nilikosa wiki tisa za masomo kwa sababu ya ugonjwa wa muda mrefu ambao sasa unadhibitiwa kwa matibabu. Chuo kiliniruhusu kuahirisha mitihani mitatu, nikaifanya mwezi Septemba. Masomo mengine mawili niliyafaulu kwa mtihani wa marudio, ambao kwa kanuni za chuo hauzidi alama ya C. Mwaka wa tatu niliusoma bila kukatika, nikapata wastani wa 4.3."

Wiki tisa nimeziweka kama mfano. Hesabu zako za kweli, na usihesabu siku za kitandani tu. Hesabu wiki za vipindi zilizokupita.

Ile sentensi ya C ndiyo wengi wanaisahau. Vyuo vyetu vingi, ukifaulu sapu hupewi zaidi ya C hata ukipata 80. Mtu wa nje hajui hilo, anaona mwanafunzi aliyerudia mtihani na bado akaambulia C. Halafu usichanganye sapu na mtihani ulioahirishwa kwa ruhusa. Ulioahirishwa kwa kawaida huhesabiwa kama mara ya kwanza na alama yake inabaki kamili, ijapokuwa mnaufanya msimu mmoja na watu wa sapu. Fungua kanuni za mitihani za chuo chako uhakikishe, kisha andika kama zilivyo. Taja pia kwamba GPA ni kati ya 5 na kwamba 3.8 ni daraja la pili la juu, maana Mmarekani amezoea kipimo cha 4.

Aya hiyo iwe sentensi tatu au nne, ikae katikati ya barua, na inayofuata irudi moja kwa moja kwenye takwimu. Ukiianza barua nayo, kila kitakachofuata kitasomwa kupitia ugonjwa. Fomu ikiwa na sehemu ya maelezo ya ziada, ipeleke huko yote na barua ibaki ya masomo tu.

Kinachoharibu mara nyingi ni tarehe na wadhamini. Barua inasema mwaka wa pili, transkripti inaonyesha mitihani iliyoahirishwa ina tarehe za mwaka wa masomo unaofuata, na hakuna aliyeeleza. Mdhamini naye, kwa huruma, anaandika kwamba "afya yake ni dhaifu lakini anajitahidi". Ongea naye mapema, mwambie ni sentensi gani umeandika, umwombe asivuke hapo. Akitaka kusaidia zaidi, aeleze ulivyofanya kazi mwaka wa tatu.

Vyeti vya hospitali usiambatishe bila kuombwa. Barua ya chuo ya kukubali uahirishe mitihani ina nguvu zaidi, kwa sababu ina tarehe na mhuri na mara nyingi haitaji ugonjwa. Uwe nayo tayari.

Fomu za Uingereza zina swali la ulemavu, ambalo ni kitu tofauti na barua. Kwa sheria yao ya usawa ya mwaka 2010, hali iliyodumu miezi 12 au zaidi na inayoathiri sana shughuli za kila siku inaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu hata kama haionekani kwa macho. Jibu la hapo ni kwa ajili ya kukupangia msaada, na chuo hakiruhusiwi kukubagua kwalo. Marekani, kanuni za kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 zinakataza vyuo kukuuliza habari hizo kabla ya udahili, isipokuwa katika hali chache. Ukijitolea kusema mwenyewe, hilo ni lako.

Jina la ugonjwa lina mahali pake, nako ni ofisi ya msaada kwa wanafunzi wenye ulemavu, baada ya kupata nafasi na kabla ya kusafiri. Daktari wako wa kliniki akuandikie barua inayosema hali ni ipi, inaathiri vipi masomo, na unahitaji nini. Baridi na kukaukiwa maji huamsha maumivu ya selimundu, kwa hiyo omba chumba chenye joto la uhakika, ruhusa ya kunywa maji na kutoka nje wakati wa mtihani, na utaratibu wa kuongezewa muda wa kazi za darasani ukilazwa. Usingoje Januari ndipo uanze kuuliza hita inawashwaje.