Dola 12,000 za dekonti: ukitoa 200 kila mwezi, zitakufikisha wapi?

Mtu akitoka kazini hapa Lubumbashi na dekonti finali mkononi, hesabu inayofanywa mezani ni ya kugawanya: 12,000 kwa 200, miezi 60. Kisha mmoja anakumbusha kwamba banki nayo italeta riba, na wote wanaanza kuona miaka mingi mbele. Tuchukue riba ya 4% kwa mwaka, inayoingia kila mwezi (ni mfano, weka ile uliyoandikiwa kwenye mkataba wako). Feza zitakaa miezi 67. Riba imekupa miezi 7 tu.

Tazama mwendo wake. Riba ya mwezi ni 4% kugawanya kwa 12, yaani thuluthi moja ya dola kwa kila dola 100. Mwezi wa kwanza 12,000 zinazaa dola 40, unatoa 200, zinabaki 11,840. Mwezi wa pili riba ni 39.47, zinabaki 11,679.47. Unaona? Riba inahesabiwa juu ya kile kilichobaki, na kilichobaki kinapungua kila mwezi. Baada ya miaka 3 ziko dola 5,891 hivi, na riba ya mwezi haifiki hata 20. Ndiyo maana feza huonekana kuisha pole pole mwanzoni, halafu mwishoni zinakimbia.

Kwa hiyo namba ya kuandika ukutani ni 40. Ukitoa 40 kwa mwezi, hukugusa mtaji, na 12,000 zitabaki 12,000. Kadiri unavyoisogelea 40, muda unarefuka kwa kasi ambayo kugawanya hakuwezi kukuonyesha: ukitoa 150 unafika miezi 93, ukitoa 100 unafika 153, na ukitoa 50 unapita miaka 40. Kupunguza dola 50 kutoka 200 kunakupa miezi 26 zaidi. Kutembea banki hadi banki kutafuta nusu asilimia hakukupi hiyo.

Ukiwa na kompyuta, Excel ya Kifaransa ina kazi inayoitwa NPM (kwa Kiingereza ni NPER):

```
=NPM(0,04/12;-200;12000)
```

Jibu ni 67,05. Alama ya kutoa mbele ya 200 ni lazima; ukiisahau utapata -54,8, na miezi ya chini ya sifuri haipo. Ukiona #NOMBRE!, ama umesahau kugawanya riba kwa 12, ama unachotoa hakizidi riba, yaani feza haziishi.

Sasa sehemu inayowaangusha watu. Riba ya namna hii mara nyingi iko kwenye DAT, feza za kufungwa kwa muda, na DAT haikuruhusu kuchota kila mwezi. Ukiivunja kabla ya siku yake, riba yote au sehemu yake inapotea. Njia inayofanya kazi ni kuacha 2,400 za mwaka mzima kwenye konti ya kawaida na kufunga 9,600 kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka zile 9,600 zinakuwa 9,984, badala ya 10,044 ambazo hesabu ya juu ilikuahidi. Dola 60 kwa mwaka ndiyo bei ya kuweza kula kila mwezi. Si mbaya. Lakini uliza pia gharama za kutunza konti: zikiwa dola 5 kwa mwezi, zihesabu kama unatoa 205, na miezi 67 inarudi 65.

Kubwa kuliko hayo ni soko. Unga wa mwaka kesho hautauzwa bei ya leo, na mwenye nyumba huongeza kodi bila kukuomba ruhusa. Tuseme kila mwaka unaongeza kiasi unachotoa kwa 5%: 200, kisha 210, kisha 220.50, na kuendelea. Ukirudia hesabu mwaka kwa mwaka, mwisho wa mwaka wa tano konti ina dola 55. Umerudi kwenye miezi 60 ya kugawanya tu. Riba yote imemezwa na bei.

Ndiyo maana ninashauri hesabu ya nyumbani ifanywe kwa kugawanya bila riba hata kidogo, na riba ihesabiwe kuwa ya kufidia bei. Na feza zikae katika sarafu unayolipia kodi. Kodi ikiwa ya dola, riba nzuri ya konti ya franga isikuvute: franga ikishuka 10% kwa mwaka, riba ya 8% imekuacha nyuma ya pale ulipoanzia.

Mwezi wa 12 ukifika, chukua salio halisi la siku hiyo, liweke mahali pa 12000 katika ile fomula, usome tena.