Spika za Masikioni kwa Wanaolala Ubavu: Pima Kina cha Sikio Kabla ya Kulipa

Wiki iliyopita niliandikiwa na mwalimu mmoja wa Nansio, Ukerewe. Alisema amenunua spika za masikioni zisizo na waya ambazo muuzaji alizisifu kuwa ndogo kuliko zote dukani, lakini kila alfajiri anaamka sikio la kulia likiuma, na spika yenyewe ameikuta chini ya mto. “Kaka, wewe uliandika kwamba unalala nazo usiku kucha,” aliuliza, “je, masikio yako ni tofauti na yetu?” Swali hilo ni la haki, na nimeona nilijibu hapa kwa urefu, kwa sababu wengi wenu mnaoniandikia mnataka kitu kilekile: kulala fofofo katika nyumba iliyo karibu na baa, msikiti, kanisa au mashine ya kusaga.

Mimi ninaishi Mabatini, na chini ya nyumba yetu kuna baa ambayo Ijumaa kwake huanza Alhamisi. Wanaoijua Mwanza wanafahamu jinsi sauti inavyopanda kwenye vilima hivi vya mawe: aliye juu husikia muziki vizuri kuliko mnywaji aliyelipia bia. Nilipoanza kutafuta spika za kulalia, shemeji yangu alicheka mbele ya watoto kwamba mtu mzima anaziba masikio kama anayeogopa radi. Kijana mmoja wa duka, nilipomwomba rula ili nipime bidhaa yake, aliniambia, “Mzee, hizi zinamkaa kila mtu,” kisha akaendelea na simu yake. Sijasahau kicheko kile wala jibu lile. Leo ninalala mpaka adhana ya alfajiri, na shemeji ameshaniuliza mara kadhaa nilinunua wapi.

Jambo ambalo kijana yule hakulijua ni kwamba neno “ndogo” halimsaidii mtu anayelala ubavu. Spika inaweza kuwa na uso mdogo kama shilingi na bado ikaumiza, kwa sababu kinachogombana na mto ni unene wake, yaani umbali kutoka upande unaogusa ngozi hadi upande unaotazama nje. Angalia sikio lako kwenye kioo. Nje ya tundu kuna bonde, mbele ya bonde kuna kinundu kinachofunika tundu kidogo, na nyuma yake kuna ukingo wa gegedu ulioinuka. Spika ikizama yote ndani ya bonde hilo, mto utaegemea kinundu na ukingo, nayo haitaguswa sana. Ikichomoza, uzito wa kichwa utaishukia yenyewe, nayo itafanya kazi kama wenzo: mdomo wake wa mbele utasukuma ukuta wa tundu, na mgongo wake utabana gegedu. Ngozi iliyo juu ya gegedu la sikio ni nyembamba na haina mafuta ya kuikinga, ndiyo maana maumivu huja mapema.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda Makoroboi au kuagiza mtandaoni, pima kina cha bonde lako. Mwombe mtu aweke rula bapa juu ya sikio, upande mmoja ukiegemea kinundu cha mbele na upande wa pili ukiegemea ukingo wa nyuma, bila kukandamiza. Kisha achukue njiti ya kiberiti iliyoondolewa kichwa, aishushe wima kando ya rula mpaka iguse sakafu ya bonde, nyuma ya tundu, na aweke alama ya kalamu pale inapokutana na rula. Njiti isiingie kwenye tundu hata kidogo. Tunapima bonde peke yake. Urefu kutoka mwisho wa njiti hadi alama ndio kina chako. Pimeni masikio yote mawili, kwa kuwa ni kawaida kulia na kushoto kutofautiana, na anayelala ubavu mmoja zaidi afuate sikio la ubavu huo.

Mwalimu wa Nansio alipimwa na binti yake, akapata milimita 12 upande wa kulia. Nilimwomba apime pia unene wa ile spika yake, akiacha mdomo mwembamba unaovaa kipira cha kuziba tundu, kwa sababu sehemu hiyo huingia kwenye tundu na haihesabiwi. Alipata milimita 16. Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana: milimita 4 zilikuwa nje zikisubiri mto. Lakini hesabu yenyewe ni kali zaidi ya hapo. Mtu anapolala ubavu, sikio lote hubanwa kuelekea kichwani na bonde hupungua kina, kwa hiyo ninashauri kutoa milimita 2 katika kipimo cha njiti. Mwalimu alipaswa kutafuta mwili usiozidi milimita 10. Muuzaji alikuwa amesema kweli kwamba spika zile zilikuwa ndogo, isipokuwa aliupima udogo kwa macho, akiziangalia kutoka mbele.

Jihadharini na vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi hutajwa namba tatu za spika nzima pamoja na mdomo wake, na wakati mwingine hutajwa vipimo vya kasha la kuchajia peke yake. Namba hizo zisiposema wazi unene ni upi, omba kushika bidhaa na upime mwenyewe. Spika zenye kijiti kinachoning’inia kuelekea shavuni ziacheni kwa ajili ya matembezi, kwa kuwa mto hukisukuma kijiti na kijiti huizungusha spika nzima.

Kuna spika zilizobuniwa kwa ajili ya usingizi. Kampuni ya Bose ilitoa za kwake mwaka 2018, ikazisitisha mwaka 2019 kutokana na matatizo ya betri, ikarudi na toleo la pili mwaka 2020. Baadaye Soundcore nao wakaingia kwa mfululizo wao wa Sleep. Ubunifu wa aina hii unafanana: mwili mfupi usio na kijiti, mgongo bapa au wa mviringo laini, na mpira unaozunguka mwili wote badala ya plastiki tupu. Hizo ndizo sifa za kutafuta hata kama jina lililoandikwa juu yake hamjawahi kulisikia. Bei zake si za kila mfuko, nami sioni aibu kusema kwamba za kwangu za kila usiku ni za waya, zenye mwili wote wa silikoni unaobonyea vidoleni. Zikibanwa hunywea, na hiyo ndiyo sababu zinafaa hata kwenye bonde lisilo na kina kikubwa. Waya ninaupitisha juu ya sikio kuelekea utosini, kamwe usizunguke shingo, na ninachagua waya ambao kile kidude cha kuongeza sauti kiko mbali na shavu.

Baada ya unene, kipira. Hapa watu wengi huchagua kwa kiburi, wakitaka kikubwa kinachoziba kabisa. Kipira cha kukimbilia Capri Point si lazima kiwe kipira cha kulalia. Kitandani hutembei, na mto wenyewe unaisukuma spika ndani, hivyo saizi moja chini ya ile ya mchana mara nyingi hutosha. Kivae kwa kuvuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ili tundu linyooke, kisha fungua na kufunga kinywa mara kadhaa. Tundu hubadilika umbo taya linapocheza, na baadhi yetu tunasaga meno usingizini bila kujua. Ukisikia shinikizo, au sauti yako ikivuma kichwani kama uko ndani ya pipa hata ukiwa hujawasha muziki, teremka saizi. Besi ikipotea kabisa au spika ikitoka yenyewe ukiwa umelala chali, panda saizi. Hakuna sheria kwamba vipira vya kulia na kushoto vilingane; changu cha kushoto ni kidogo kuliko cha kulia.

Vipira vya sponji ni laini zaidi na huziba kelele vizuri, ila katika joto letu la ziwani hushika jasho, na unyevu uliofungiwa kwenye tundu usiku kucha hukaribisha uambukizi. Silikoni huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, ikakaushwa kabla ya kurudishwa. Ukianza kuwashwa, kutoka maji au kusikia kwa uzito, acha kuzitumia na umwone daktari wa masikio. Usichokonoe kwa pamba, kwa sababu spika huwa tayari zimeisukuma nta ndani.

Jaribio la mwisho lifanyike juu ya mto wako mwenyewe kwa dakika 20, ukilala ubavu ule unaoupenda. Mahali panapouma patakuambia kosa liko wapi. Maumivu ndani ya tundu yanaelekeza kwenye kipira kikubwa au mwili unaochomoza na kusukuma. Maumivu kwenye ukingo wa bonde yanamaanisha mwili ni mpana, au una kipembe cha kushikilia ambacho mara nyingi kinaweza kuvuliwa. Yakiwa kwenye mzingo wa nje kabisa wa sikio, spika haina hatia. Mto ni mgumu, na hata bila spika ungeumia. Katika dakika hizo hizo sikiliza kama kuna mluzi, kwa sababu baadhi ya spika zinazopunguza kelele hupiga mluzi maikrofoni zake zikifunikwa na mto. Zima pia vitufe vya kugusa kwenye programu ya simu, la sivyo mto utakupigia mtu saa nane za usiku.

Mwalimu alirudisha zile za milimita 16, akapata nyingine yenye mwili wa milimita 9 na kipira kidogo. Ananiambia analala, ingawa ubavu wa kushoto bado unamsumbua, kwa kuwa bonde la kushoto lina milimita 10 tu na baada ya kutoa 2 anabaki na 8. Kwake nimependekeza alalie kulia au avae moja tu, sikio la kushoto libaki wazi upande wa mto. Wale ambao hawapati hata milimita 8 watafute ukanda wa kitambaa wenye spika bapa ndani yake, wakijua kwamba usiku wa Oktoba ukanda huo utawatoa jasho kwenye paji la uso.

Na sauti iwe chini, ndugu zangu. Shirika la Afya Duniani linawapa watu wazima kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Anayelala na sauti saa 8 kila usiku amefikia saa 56 kabla hajasikiliza lolote mchana, kwa hiyo kiwango chake lazima kiwe chini sana ya hapo. Mimi huweka sauti ya mvua kwa kiwango kinachoufunika tu mdundo wa baa, na simu huizima yenyewe baada ya saa moja. Kipira kilichokaa vizuri huendelea kuziba bila betri.