Mzinga hauoni, jicho liko mbele

"Wakuu, mzinga uko nyuma ya mlima na wapigaji hawaoni kitu. Wanalengaje?"

Mkuu, anayeona ni mwangalizi aliye mbele na darubini, dira, ramani na redio. Anatuma mahali shabaha ilipo kwenye ramani na uelekeo wake kutoka alipo yeye. Kituo cha mahesabu kinageuza hayo kuwa pembe za mzinga, kisha linapigwa kombora moja tu la kupimia.

Tuseme shabaha iko kilomita 3 kutoka kwake. Kombora linaangukia kulia, na darubini inasoma mili 30 (duara zima kwa vipimo vya NATO ni mili 6400). Kwa umbali wa kilomita moja, mili moja ni kama mita moja pembeni, hivyo anazidisha 30 kwa 3, anapata mita 90. Tena limepita shabaha, hivyo anasema: "Kushoto 90, punguza 400."

La pili likianguka kabla ya shabaha, ni vizuri, maana sasa imebanwa katikati. Anaongeza 200, linapita. Anapunguza 100, linapungua. Anaongeza 50 na kuagiza mizinga yote ipige. Anayesogeza kidogo kidogo kutoka upande mmoja hupoteza makombora na muda, na adui anajificha.

Kosa baya zaidi ni uelekeo. Kushoto na kulia ni kwa mwangalizi, si kwa mzinga. Dira ikisomwa vibaya, utaomba umbali tu lakini kombora litahama pia pembeni, kila mara upande uleule kadiri unavyoongeza. Ukiona hivyo, pima uelekeo upya kabla ya kusahihisha tena.