Kabla ya kumpangia daraja, tazama slipu yake ya mshahara

Swali la wiki: "Mfanyakazi ana mshahara mzuri na ajira ya kudumu, lakini anakula peke yake na hashiriki chochote na wenzake. Kwa ngazi ya mahitaji ya Maslow, yuko daraja lipi, na meneja ampe motisha gani?"

Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyapanga mahitaji ya mtu kwa madaraja matano kutoka chini: mwili, usalama, kupendwa na kuwa na kundi, heshima, na kutimiza uwezo wako. Jibu la mtihani ni daraja la tatu, na kijana yeyote aliyesoma masomo ya biashara atalipata haraka. Mahitaji ya mwili yametimia kwa mshahara, usalama umetimia kwa ajira ya kudumu, kilichobaki ni kupendwa na kuwa mmoja wa kundi. Mimi lakini nimekaa miaka mingi ofisi za utumishi viwandani, na maneno yaliyonichoma ni hayo mawili, "mshahara mzuri". Nani aliyeuita mzuri? Kwenye mtihani anayesema ni mtunga swali, na lazima tumwamini. Kiwandani anayesema ni meneja, naye anasoma tarakimu ya juu ya slipu, hasomi ya chini.

Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha kusaga nafaka Morogoro. Tulikuwa na fundi mitambo, mtu mzima, kazi yake safi, mkataba wake wa kudumu. Saa ya chakula wenzake wa zamu walitoka getini kwenda kwa mama lishe, yeye akaenda kukaa chini ya mwarobaini nyuma ya ghala na kifuko chake cha mihogo ya kuchemsha. Akialikwa, anasema ameshiba. Kikao cha uongozi kikamjadili, na mtu mmoja aliyetoka semina akachora piramidi ubaoni, akaweka alama katikati. Ikaamuliwa tufanye bonanza la Jumamosi, mpira wa miguu, kuvuta kamba, fulana za rangi kwa kila idara, ili watu kama yeye wajisikie wako nyumbani. Kila mfanyakazi achangie 10,000 za fulana na soda, kiwanda kimalizie.

Fundi hakuja. Jumatatu kwenye fomu yake ya tathmini pakaandikwa "hana ushirikiano".

Wiki hiyo alikuja dirishani kwangu kuomba advansi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naandaa makato yake, akaamua kunieleza yote. "Dada, wewe unaziona hesabu zangu, huna haja ya kuniuliza," alisema. Naziandika hapa kwa tarakimu za mviringo ili asitambulike, ila sura ya mambo ni ileile. Mshahara 900,000. NSSF asilimia 10, yaani 90,000. Kodi 80,500. Inabaki 729,500, na hapo bado ni mtu anayejiweza. Marejesho ya mkopo wa benki 330,000, SACCOS 100,000, inabaki 299,500. Slipu yangu iliishia hapo. Kitu ambacho slipu haikukionyesha ni kausha damu. Mtoto aliugua ghafla, akakopa 500,000 kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa analipa riba tu, 150,000, na deni lenyewe halisogei hata shilingi. Kadi yake ya benki na namba ya siri vilikuwa kwa mkopeshaji, mshahara ukiingia yule anatoa chake kwanza. Ikabaki 149,500, kodi ya nyumba 60,000, na 89,500 ya kulisha watu mwezi mzima.

Sasa piga hesabu ya mama lishe. Sahani ya wali maharage 2,000, siku 26 za kazi, ni 52,000. Zaidi ya nusu ya fedha yote ya nyumba yake. Alikaa peke yake chini ya mti kwa sababu kukaa na wenzake kulikuwa na bei, na bonanza nalo likaja na bei yake. Dawa ya daraja la tatu ilimpelekea mgonjwa wa daraja la kwanza na la pili bili nyingine ya 10,000.

Nimelirefusha hili kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi na mameneja wanapojikwaa pamoja. Kula peke yake ni dalili, na dalili moja inaweza kutoka madaraja matatu tofauti. Kuna njia ya kutofautisha. Aliyepungukiwa fedha hukwepa nafasi zinazogharimu, lakini zile za bure hazikwepi. Fundi wetu alikuwa anaongea vizuri akiwa kwenye mashine, anawaelekeza vijana, anataniana nao. Aliyekosa kundi hunyamaza hata pale ambapo kuongea hakugharimu kitu, na mara nyingi utakuta amehamishiwa kituo kipya au zamu mpya. Aliyevunjiwa heshima ana tarehe. Ukiuliza wenzake, watakwambia alikuwa mtu wa watu mpaka siku fulani, siku aliyorukwa kwenye cheo au aliyofokewa mbele ya vibarua.

Na motisha je? Kiongozi mmoja alipendekeza aongezwe mshahara asilimia 10. Nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba ile 90,000 ikipita NSSF na kodi ingemfikia kama 60,750, na riba ya 150,000 ingebaki palepale. Badala yake SACCOS ikakubali kumpa 500,000 za kumaliza deni la mtaani, alipe kidogokidogo kwa miezi 10, marejesho kama 55,000 kwa mwezi. Nafuu yake ikawa 95,000 kila mwezi, zaidi ya nyongeza, na kadi yake ikarudi mfukoni. Jambo la pili, ambalo wafanyakazi walilipigania kupitia chama chao, lilikuwa chakula cha mchana ndani ya kiwanda kwa zamu zote. Siku sufuria zilipoanza kuletwa kantini, fundi hakuhitaji bonanza. Alikaa mezani na wenzake kwa sababu sahani yake ilikuwa sawa na yao.

Ila hadithi haikuishia hapo, na kwa kweli sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi Maslow. Baada ya miezi kadhaa ya utulivu, yule yule fundi ambaye hakuwahi kulalamika alianza kuuliza kwa nini kitabu cha matengenezo kinasainiwa na mhandisi kijana aliyeikuta mashine imeshafungwa, wakati anayejua inavyogoma ni yeye. Njaa na hofu zilipomwachia, ukajitokeza uhitaji wa daraja la nne, na si kwamba alikuwa amebadilika tabia. Uongozi ukamchapia cheti cha mfanyakazi bora. Alikipokea kwa heshima, lakini manung'uniko yakaendelea. Yalikoma alipopewa mamlaka ya kusaini kitabu na kuzima mashine bila kusubiri ruhusa. Heshima kwa Maslow ina pande mbili, kutambuliwa na watu na kujiona mwenyewe unaweza. Cheti kilijaza upande wa kwanza tu, naye alikuwa na njaa ya upande wa pili.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kusema maswali ya namna hii yaondolewe kwenye mitihani, kwamba yanawafundisha vijana kubandika watu namba. Nimefika hapa na sidhani tena hivyo. Kinachopaswa kuondolewa ni mazoea ya kukariri jozi, mshahara uende na daraja la kwanza, pensheni la pili, sherehe la tatu, cheo la nne, mafunzo la tano. Kitu kimoja hubadilisha daraja kulingana na kazi kinayofanya. Kozi anayopelekwa fundi ili apate tu cheti cha kutundika ukutani ni ya daraja la nne. Kozi ileile akipewa mtu ambaye tayari anaheshimiwa, ili afike pale kipaji chake kinapoweza kufika, ni ya tano. Nyongeza ya mshahara kwa anayelala njaa ni chakula, na kwa meneja mwenye nyumba tatu inaweza kuwa njia tu ya kujua anathaminiwa kuliko mwenzake wa idara ya pili.

Maslow mwenyewe alikuwa mlegevu kuliko wanaomfundisha. Makala yake ya 1943 haina piramidi, michoro ile ilikuja baadaye kwa mikono ya watu wa uongozi wa biashara. Ndani yake anasema mpangilio si mgumu, kwamba wapo watu ambao heshima kwao inatangulia kupendwa. Na hasemi daraja moja lijae kabisa ndipo la juu lifunguke. Anatoa mfano wa kubuni wa mtu aliyetosheka asilimia 85 kwa mahitaji ya mwili, 70 kwa usalama, 50 kwa upendo, 40 kwa heshima na 10 kwa kutimiza uwezo wake. Mtu mmoja, madaraja yote kwa wakati mmoja, kila moja kwa kiasi chake. Kwa hiyo swali zuri la mtihani lingeuliza daraja lipi linamkaba zaidi kwa sasa. Kuuliza "yuko lipi" kunamfanya aonekane kama amesimama mahali pamoja.

Hukumu yangu basi, kwa swali mlilouliza. Ningekuwa nasahihisha, ningempa maksi zote anayeandika daraja la tatu, na ningemnyima anayeandika la nne, maana hakuna popote tulipoambiwa huyo mtu amedharauliwa au amerukwa. Mtihani una haki ya kutupa mambo yaliyothibitishwa, na ukishaambiwa mshahara unatosha na ajira ni salama, unaanza chini, unapanda, unasimama kwenye daraja la kwanza ambalo halijatajwa kuwa limetimia. Nidhamu hiyo ya kuanzia chini ndiyo ambayo kile kikao chetu cha Morogoro hakikuwa nayo. Waliruka madaraja mawili bila kuyakagua.

Lakini nina masharti. Anayejibu aandike sentensi moja ya ziada kwamba ameuchukulia mshahara kuwa unatosha baada ya makato. Meneja wa kweli hana ruhusa ya kuuchukulia hivyo, wala hana ruhusa ya kuchungulia madeni ya mtu bila idhini yake, kwa hiyo njia yake ni faragha na swali la wazi, "Kuna kitu hapa kazini kinakugharimu kushiriki na wenzako?" Na ikithibitika kweli ni daraja la tatu, asikimbilie bonanza. Sherehe ya siku moja huwafurahisha wale ambao tayari wana marafiki. Mgeni anasimama pembeni na soda mkononi mpaka saa ya kuondoka. Ampange zamu moja na watu walewale wawili au watatu kwa miezi kadhaa, kwenye kazi ambayo hakuna anayeweza kuimaliza bila mwenzake, na saa yao ya chakula iwe moja.